Shufwa na Witiri Zisizokutana: Mapengo katika Upangaji wa Shell

Miaka michache iliyopita nilitengeneza kifaa kidogo cha kufuatilia joto katika kikaushio cha mahindi kinachotumia jua. Kifaa kilikuwa na vipimajoto viwili, kimoja ndani ya kikaushio na kingine nje kivulini, na kilivisoma kwa zamu, hiki kisha kile, huku kikiandika kila kipimo katika safu moja ya namba. Safu ilipojaa, programu iliipanga kutoka namba ndogo hadi kubwa, ili niweze kutupa vipimo vichache vya chini kabisa na vya juu kabisa, ambavyo mara nyingi vilisababishwa na waya uliolegea. Memori ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba sikuweza kuwa na safu ya pili ya kunakilia, kwa hiyo nilichagua upangaji wa Shell, ambao hufanya kazi ndani ya safu ileile na huandikwa kwa mistari michache.

Nyumbani niliujaribu kwa namba 1000 za kubahatisha, ukamaliza upesi. Nilipokwenda kukifunga kifaa, nilibadilisha ukubwa wa safu ukawa 1024, kwa sababu ndogo tu kwamba sisi waandishi wa programu tumezoea namba ambazo ni vipeo vya 2. Kuanzia siku hiyo kifaa kilikuwa kikifika kwenye upangaji kinasimama kwa muda mrefu kiasi cha kukosa vipimo vilivyofuata. Nililaumu betri, kisha nikalaumu waya, na nilipoteza siku mbili kabla ya kuweka kihesabio ndani ya programu na kuona kwamba kosa lilikuwa katika mstari mmoja niliouandika bila kufikiri, yaani mstari wa kuchagua mapengo.

Ili kosa hilo lieleweke, ni lazima tuanze na upangaji wa kuchomeka, kwa kuwa upangaji wa Shell ni huohuo uliorudiwa mara kadhaa. Mwalimu anayepanga karatasi za mtihani kwa namba za watahiniwa huchukua karatasi moja baada ya nyingine, na kila karatasi huirudisha nyuma ndani ya zile zilizokwisha kupangwa hadi ifikie mahali pake. Kompyuta hufanya vivyo hivyo, ila kila namba inayopishwa husogezwa nafasi moja tu. Ikiwa namba ndogo kuliko zote imekaa mwishoni mwa safu ya namba 1024, namba 1023 zitasogezwa ili ifike mbele. Kwa hiyo idadi ya hatua katika upangaji wa kuchomeka ni sawasawa na idadi ya jozi zilizopinduka, yaani jozi ambazo namba kubwa imetangulia ndogo, na kila hatua inanyoosha jozi moja tu. Safu inayokaribia kupangika hupangwa haraka sana, lakini ile iliyovurugika hupangwa polepole mno.

Donald Shell alichapisha dawa yake mwaka 1959 katika jarida la Communications of the ACM. Wazo lake ni kwamba namba zisilinganishwe kwanza na majirani zake, bali na zile zilizo mbali nazo kwa umbali maalumu, ambao hapa nitauita pengo. Kwa pengo la 8, kwa mfano, nafasi za 0, 8, 16 na kuendelea huhesabiwa kuwa mnyororo mmoja unaojitegemea, nafasi za 1, 9 na 17 mnyororo mwingine, na kila mnyororo hupangwa kwa kuchomeka. Hapo namba inaruka nafasi nane kwa hatua moja, na hatua hiyo moja inaweza kunyoosha jozi nyingi. Baada ya hapo pengo hupunguzwa na kazi hurudiwa, hadi pengo linapokuwa 1. Awamu hiyo ya mwisho ni upangaji wa kuchomeka wa kawaida, na kwa sababu hiyo matokeo ni sahihi siku zote, mapengo yawe yamechaguliwa vizuri au vibaya. Ubaya wa mapengo hauonekani katika jibu. Unaonekana katika muda tu, na ndiyo maana unaweza kujificha kwa miaka.

```c
void panga(int a[], int n, const int pengo[], int idadi)
{
    for (int p = 0; p < idadi; p++) {
        int h = pengo[p];
        for (int i = h; i < n; i++) {
            int x = a[i], j = i;
            while (j >= h && a[j - h] > x) {
                a[j] = a[j - h];
                j -= h;
            }
            a[j] = x;
        }
    }
}
```

Msomaji akiweka `h = 1` ataona kwamba uliobaki ni upangaji wa kuchomeka, bila kuongeza wala kupunguza neno. Kila kitu kingine kimo katika safu ndogo inayoitwa `pengo`, na Shell mwenyewe alipendekeza mapengo yaanzie nusu ya idadi ya namba, kisha nusu ya nusu, hadi 1. Ndivyo nilivyofanya mimi pia, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa.

Sasa tuchukue namba 16 zilizopangwa kama vipimo vyangu vilivyokuwa, ndogo moja na kubwa moja kwa zamu. Nafasi zinahesabiwa kuanzia 0, kwa hiyo ndogo zote zimekaa katika nafasi shufwa na kubwa zote katika nafasi witiri:

```
1 9 2 10 3 11 4 12 5 13 6 14 7 15 8 16
```

Kwa njia ya Shell mapengo ni 8, 4, 2 na 1. Awamu ya pengo la 8 inalinganisha 1 na 5, 9 na 13, 2 na 6, na kuendelea, na haikuti chochote cha kusogeza. Awamu ya 4 nayo haikuti kitu, wala awamu ya 2. Safu inafika kwenye awamu ya mwisho ikiwa vilevile ilivyoanza, na hapo 9 imezitangulia namba saba ndogo kuliko yenyewe, 10 imezitangulia sita, 11 tano, na kadhalika. Jumla ya jozi zilizopinduka ni 28, na zote zinanyooshwa moja moja. Awamu tatu za kwanza zililinganisha namba mara 34 bila kusaidia kitu.

Katika mfano huu namba ndogo zenyewe zimefuatana vizuri, na kubwa vilevile, lakini hilo halibadilishi hoja. Hata kama kila kundi limevurugika ndani yake, awamu ya pengo la 2 italikuta na kulipanga, kisha safu itakuwa na sura hiihii niliyoionyesha. Mapengo 8, 4 na 2 yote ni shufwa, na ukitoka nafasi shufwa ukaruka umbali shufwa unafika nafasi shufwa nyingine. Namba iliyo katika nafasi ya 0 haiwezi kukutana na ile iliyo katika nafasi ya 1 mpaka awamu ya mwisho kabisa, wakati ambapo kila hatua imekuwa fupi tena. Kwa safu yenye namba n, kila kundi lina nusu yake, na nusu hiyo tukiiita m, jozi zinazobaki kwa awamu ya mwisho ni `m(m-1)/2`. Kwa vipimo vyangu 1024, m ni 512, na jozi ni 130,816. Upangaji wa kuchomeka mtupu, bila mapengo yoyote, ungekuwa na wastani wa hatua 261,632 kwa data ya namna hiyo, kwa kuwa ungeongeza jozi zilizopinduka ndani ya kila kundi. Kwa hiyo awamu tisa nilizozitegemea zilikuwa zimeniondolea takriban nusu tu ya mzigo, na nusu nyingine ilibaki palepale.

Kwa nini basi namba 1000 hazikunionyesha tatizo? Sababu ya kwanza ni kwamba zilikuwa za kubahatisha, na katika namba za kubahatisha ndogo na kubwa huenea katika nafasi zote bila kujali shufwa wala witiri. Lakini hata kama ningezijaza kwa zamu, ningenusurika, kwa sababu nusu za 1000 ni 500, 250, 125, 62, 31, 15, 7, 3 na 1. Katika pengo la 125 tayari tumepata namba witiri, na makundi mawili yanaanza kuchanganyika mapema. Tatizo linakuwa baya kuliko yote pale n inapokuwa kipeo cha 2, kwa kuwa hapo kila nusu ni shufwa mpaka tunapofika 1. Nilijaribu kwa ukubwa usio na hatari, nikafunga kifaa kwa ukubwa wenye hatari, nikakilisha data ambayo ndiyo hasa inayoamsha hatari hiyo.

Turudi kwenye namba zetu 16, na safari hii tutumie mapengo 7, 3 na 1. Haya ni sehemu ya mapengo ambayo Thomas Hibbard aliyapendekeza mwaka 1963, yaani 1, 3, 7, 15, 31 na kuendelea, kila moja likiwa pungufu ya kipeo cha 2 kwa moja. Awamu ya 7 inakutanisha 12 na 8, 9 na 5, 10 na 6, 11 na 7, na kila jozi kati ya hizo inabadilishana nafasi. Kwa hatua nne tu safu inakuwa hivi:

```
1 5 2 6 3 7 4 8 9 13 10 14 11 15 12 16
```

Namba 1 hadi 8 zote zimefika nusu ya kwanza, na 9 hadi 16 nusu ya pili. Awamu ya 3 inachukua hatua nyingine nne: 4 inaipita 6, 11 inaipita 13, 3 inaipita 5, na 12 inaipita 14.

```
1 3 2 4 5 7 6 8 9 11 10 12 13 15 14 16
```

Awamu ya mwisho inakuta jozi nne tu za majirani waliopishana. Jumla ni hatua 12 badala ya 28, na kwa namba chache kama hizi tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini chanzo chake ndicho kinachoamua kila kitu safu inapokua.

Chanzo hicho kina sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba kazi iliyofanywa na pengo kubwa haiharibiwi na pengo dogo linalofuata. Hili si jambo lililo wazi, na mimi nilikuwa nikiliamini kwa muda mrefu kabla ya kulielewa. Wafikirie wanafunzi waliosimama kwa mistari miwili gwarideni, na kila wa nyuma ni mrefu kuliko yule aliye mbele yake. Mwalimu anaamuru kila mstari ujipange wenyewe kwa urefu, kutoka kushoto kwenda kulia. Je, bado kila wa nyuma atakuwa mrefu kuliko wa mbele yake? Atakuwa. Mchukue mwanafunzi wa tano kwa ufupi katika mstari wa nyuma: yeye pamoja na wanne waliomtangulia walikuwa na watu watano mbele yao, kila mmoja mfupi kuliko mwenzake wa nyuma, na kwa hiyo wote watano ni wafupi kuliko yeye. Mstari wa mbele una angalau watu watano wafupi kuliko yeye, basi wa tano wao lazima awe mmoja wa hao au mfupi zaidi. Uthibitisho kamili kwa minyororo ya safu unahitaji uangalifu kwenye ncha zake, lakini moyo wake ni huo. Safu iliyopangwa kwa pengo la 7 hubaki imepangwa kwa pengo la 7 hata baada ya kupangwa kwa pengo la 3.

Sehemu ya pili inatokana na hiyo ya kwanza. Ikiwa safu imepangwa kwa 7 na kwa 3 kwa pamoja, basi namba mbili zilizo umbali wa 10 ziko sawa, kwa kuwa tunaweza kuruka 7 kisha 3. Zilizo umbali wa 13 ziko sawa pia, kwa 7 na 3 mara mbili. Umbali wowote unaoweza kujengwa kwa kujumlisha 7 na 3 ni umbali salama. Ni umbali upi usiojengeka? Ukijaribu utaona ni 1, 2, 4, 5, 8 na 11 pekee, yaani sita. Maana yake ni kwamba katika awamu ya mwisho, namba yoyote inaweza kukuta mbele yake namba zisizozidi sita zinazostahili kupishwa, hata kama safu ina namba milioni moja. Kwa ujumla, mapengo mawili yasiyo na kigawo cha shirika zaidi ya 1 huacha umbali usiojengeka mara `(h-1)(k-1)/2` tu. Mapengo 8, 4 na 2 yanaacha kila umbali witiri ukiwa haujajengeka, na safu ikikua, idadi yake inakua pamoja nayo bila kikomo.

Kwa hoja ya namna hii ndipo ilipothibitishwa kwamba mapengo ya Hibbard hayawezi kamwe kuzidi kiwango cha `n^(3/2)`, ilhali ya Shell yanaweza kufikia kiwango cha `n^2`. Kwa n sawa na 1,048,576, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 20, data yetu ya zamu hulazimisha mapengo ya Shell kuchukua hatua 137,438,691,328, wakati `n^(3/2)` ni takriban bilioni 1.07. Mabadiliko katika programu ni kuondoa moja katika kila pengo.

Mtu anaweza kuuliza kama tungeweza kuendelea na njia hiyo mpaka umbali usiojengeka ubaki mmoja tu. Inawezekana, na Vaughan Pratt alilifanya hilo katika tasnifu yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alitumia mapengo yote yanayopatikana kwa kuzidisha 2 na 3 peke yake: 1, 2, 3, 4, 6, 8, 9, 12 na kuendelea. Unapofika pengo lolote h, safu imekwisha kupangwa kwa 2h na kwa 3h, na kwa 2 na 3 unaweza kujenga kila namba isipokuwa 1. Basi kila namba husogea hatua moja tu au haisogei kabisa, na kila awamu huwa nyepesi kabisa. Kwa kipimo cha hali mbaya kuliko zote, hakuna mapengo yanayojulikana yanayoyashinda haya: kazi yote ni ya kiwango cha n mara mraba wa logi ya n. Lakini hesabu awamu zenyewe. Kwa namba 1024 mapengo ya Pratt ni 40, na kila moja linapitia karibu safu nzima hata kama halina cha kusogeza, hasa mapengo yaliyo madogo. Nilipoyajaribu katika kifaa changu hayakuniridhisha, kwa sababu muda uliookolewa katika kusogeza uliliwa na kulinganisha. Umaridadi wa hoja yake unanivutia mpaka leo, lakini nisingeyaweka mahali pa kazi.

Mapengo yanayofaa yamo katikati: yawe machache, lakini kila moja liyasaidie mengine kujenga umbali. Donald Knuth aliyaeneza mwaka 1973 mapengo 1, 4, 13, 40, 121, 364, ambapo kila moja ni mara tatu ya lililotangulia kuongeza moja. Kwa namba 1024 hayo ni sita tu, na kwa kuwa 4 na 13 hayana kigawo cha shirika, umbali usiojengeka kabla ya awamu ya mwisho hauzidi 18. Dari ya awamu hiyo kwa vipimo vyangu ni hatua 18,432 dhidi ya zile 130,816, na kwa kawaida hatua halisi huwa chache mno kuliko dari. Mapengo haya yamo ndani ya bzip2, programu ya kubana mafaili, na ndiyo niliyoyaweka kwanza katika kifaa changu. Ukwamaji uliisha siku hiyohiyo.

Baadaye nilihamia mapengo ambayo Marcin Ciura aliyachapisha mwaka 2001, aliyoyapata kwa majaribio badala ya fomula: 1, 4, 10, 23, 57, 132, 301 na 701. Nilipoyaona mara ya kwanza nilishtuka, kwa kuwa 4 na 10 zote ni shufwa, na mimi nilikuwa nimejifunza kwa uchungu kuziogopa shufwa. Lakini kinachotakiwa si kwamba kila jozi ya mapengo ikose kigawo cha shirika, bali mapengo yote yaliyotangulia 1, yakichukuliwa pamoja, yasiwe na kigawo kimoja kinachoyafunga. Hapo 23 inaokoa. Kwa 4 na 10 unajenga kila umbali shufwa isipokuwa 2 na 6, na ukiongeza 23 unajenga kila umbali witiri kuanzia 31. Nilikaa na kalamu nikahesabu yasiyojengeka, nikapata 15, pungufu ya yale 18 ya Knuth.

Kihesabio nilichokiweka siku ile bado nakitumia kila ninapoandika upangaji wa aina hii, kwa sababu ndicho kinachofichua mapengo mabaya. Kinahesabu hatua kwa kila awamu peke yake. Mapengo yakiwa mazuri, mzigo hugawanyika, na hakuna awamu inayoubeba wote. Yakiwa mabaya, utaona sifuri au namba ndogo katika awamu za mwanzo, kisha namba kubwa ya kutisha katika awamu ya 1. Data ya kujaribia nayo huijaza kwa njia mbili, ya kubahatisha na ya zamu, na safu naipa ukubwa ambao ni kipeo cha 2, kwa kuwa jaribio la namba za kubahatisha peke yake lilinidanganya mara moja. Na kwa safu kubwa kuliko elfu chache, mapengo ya Ciura huhitaji kurefushwa kupita 701, jambo ambalo wengi hulifanya kwa kuzidisha pengo la mwisho kwa 2.25 na kuacha desimali. Kwa vipimo 1024 vya kikaushio, 701 linatosha.